Tendo moja la kifalme, mikono miwili

Ukibuni ufalme wa hadithi, usianze na orodha ya vyeo. Chagua tendo moja zito, tuseme kwenda vitani, ulipasue: waziri ashike muhuri, mama wa mfalme ashike funguo za ghala la nafaka. Jeshi haliondoki bila vyote viwili. Tarishi akisimama mlangoni na barua yenye muhuri, akanyimwa funguo, msomaji ameshaelewa utawala mzima. Buganda ya zamani inafunza hapa: Namasole, mama wa mfalme aliyeitwa Kabaka, alikuwa na kilima chake, baraza lake, hata Katikiro wake, yaani waziri mkuu. Mbinu hufa mfalme akiweza kumfukuza mmojawapo kwa neno tu. Mpe waziri ukoo wenye mikuki. Mama, tayari hana mbadala.