Somo: Kutafuta jina la mtoto ndani ya kamusi

Mdogo wangu na mkewe walikuwa wanatarajia mtoto wa kiume, wakataka jina lenye maana ya nguvu. Walinijia na orodha waliyoipata kwenye simu, na nusu ya majina hayo hakuna aliyejua ni ya lugha gani. Tukaiweka kando, tukafungua kamusi ya Kiswahili mezani.

Hatua ya 1. Anza na neno unalolijua, kisha fuata maneno yanayolieleza. Ukifungua "nguvu" utapelekwa kwenye imara, thabiti, hodari, jasiri, jabari, kani. Ukianza na "baraka" utafika kwenye neema, heri na fanaka. Kwenye matumaini, Tumaini ndilo wengi huishia nalo, na ni jina zuri kweli. Yaandike yote, usichuje bado.

Hatua ya 2. Soma maana zote za kila neno. Majina mengi huangukia hapa. Kani ni nguvu, lakini pia ni ukaidi. Jabari ni shujaa, lakini hutumika vilevile kwa mtu mwenye kiburi. "Nguvu" lenyewe tuliliacha, maana "kwa nguvu" watu husikia kulazimishwa. Hata Bahati, jina linalopendwa sana, lina bahati mbaya ndani yake. Simwambii mtu asilitumie, ila ajue.

Hatua ya 3. Angalia ukoo wa neno. Hili ndilo lililotupa jina. Thabiti ni kitu kisichotikisika. Kutoka hapo kuna uthabiti, kuthibitika, kuthibitisha, uthibitisho. Kila tawi tuliloligusa lilikuwa la ukweli na msimamo. Mdogo wangu alilirudia mara tatu kwa sauti ya chini, nikajua tumefika. Tena halikuwa geni: Zanzibar kuna Thabit wengi, akiwemo Sheikh Thabit Kombo aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama cha Afro-Shirazi, ASP.

Hatua ya 4. Liite. Simama mlangoni uliite kama mtoto yuko uwanjani, kisha liweke pamoja na jina la baba na la babu. Halafu liingize kwenye sentensi ya kukanusha au ya habari mbaya. Neno tumaini likiwa la kawaida tunasema "tumaini limepotea"; likiwa la mtoto, "Tumaini amepotea". Upatanisho wa sarufi humwokoa kidogo, lakini "Baraka hana baraka" atalisikia shuleni. Kama utani huo unakuuma tangu sasa, chagua jingine.

Hatua ya 5. Liandike mwenyewe kwenye karatasi kabla ya kujifungua. Sisi tulilitamka tu. Mwandikishaji alisikia "s" badala ya "th", na tangazo la kizazi likatoka na "Sabiti". Tuliligundua kabla ya kuomba cheti, likarekebishwa. Likishaingia kwenye cheti, safari huwa ndefu zaidi. Amueni pia kama ni Thabit au Thabiti, mkae na tahajia moja.

Maswali ya wanachama

Swali: Mimi nina binti. Mbona majina ya nguvu yote ni ya kiume?

Jibu: Ni mazoea tu, dada. Kiswahili hakitofautishi jinsia, kwa hiyo Imara linamfaa yeyote. Yale yenye asili ya Kiarabu mara nyingi huongeza "a" kwa wa kike. Tazama Aziza: kwetu azizi ni kipenzi, kitu cha thamani, na kule lilikotoka lina pia maana ya mwenye nguvu na heshima. Binti anapata vyote viwili.

Swali: Sisi ni Waislamu. Jabari linafaa?

Jibu: Al-Jabbar ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu, ndiyo maana wengi huita Abdul-Jabbar, yaani mja wake. Muulizeni sheikh wenu kabla hamjaamua.

Swali: Kwetu Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Kamusi itanisaidia nini?

Jibu: Jina la babu liacheni mahali pake. Mtafutieni jina jingine la kutangulia, na hapo Baraka au Tumaini litakaa bila kumnyima babu haki yake.

Swali: Nimepoteza watoto wawili kabla ya huyu ninayemnyonyesha sasa. Nilitaka Tumaini, lakini kila nikilitamka naona kama bado nasubiri.

Jibu: Pole sana, mama. Na umesikia vizuri: tumaini hutazama mbele, kwa jambo ambalo bado halijafika. Fungua herufi F, usome faraja. Hiyo ni nafuu inayokuja baada ya dhiki. Faraja huitwa wa kike na wa kiume, na wa kiume pia huitwa Faraji. Mtamkie leo usiku akiwa ananyonya, usikilize moyo wako unasemaje.