Hesabu kuanzia Septemba, urudi nyuma

Kama skolashipu yako ni ya Uingereza na masomo yanaanza Septemba, hesabu ukirudi nyuma. Viza huchukua kama wiki 3, basi ombi liwe limeingia Julai. Linalotusahaulika sisi wa Mombasa ni cheti cha kifua kikuu kinachotakiwa kwa viza: kipimo hufanywa Nairobi. Picha ya kifua ikionyesha doa, utatoa makohozi, na majibu ya kuotesha vijidudu maabara huweza kufika miezi 2. Panda treni mwisho wa Aprili. Cheti hudumu miezi 6. IELTS, mtihani wa Kiingereza, ifanye mwaka uliotangulia, matokeo hudumu miaka 2. Waombe wadhamini wako barua za kukupendekeza wiki 6 kabla ya kuzihitaji. Wangu mmoja alikuwa harusini Lamu, simu haishiki. Pasipoti ndiyo ya kwanza kabisa.