Kabla ya kuandika metadata ya makala ya vidonda vya tumbo

Makala ya kliniki kuhusu vidonda vya tumbo inaweza kuwa na maneno elfu mbili yaliyopimwa vizuri, lakini watu wengi watakaokutana nayo wataona mistari miwili tu: kichwa na maelezo mafupi ya metadata yake, kwenye matokeo ya Google au chini ya kiungo kilichorushwa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Tahadhari zote zilizomo ndani zinabaki ndani. Kwa hiyo kila mstari wa metadata unapaswa kuwa kweli hata ukisomwa peke yake, na maandalizi yote yanalenga hapo.

Jambo la kwanza ni kukaa na daktari au tabibu aliyepitia makala na kuandika kwenye karatasi ni nini hasa kinachoweza kusemwa bila sharti, na nini kinahitaji sharti. Kwa vidonda vya tumbo, upande wa kwanza si mtupu. Tangu Barry Marshall na Robin Warren walipomtambua bakteria Helicobacter pylori mwaka 1982, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, inajulikana kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria huyo, na vingine na dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Inajulikana pia kwamba vidonda hivi vinatibika. Neno hilo liandikwe wazi. Waandishi waoga huishia kuandika "hali sugu inayohitaji uangalizi", na mgonjwa anayesoma hivyo anaelewa kuwa hospitali haina dawa. Atakwenda kwa yule mwenye bango kwenye nguzo ya umeme, ambaye hana woga wowote.

Upande wa masharti ndio wenye mitego, na mtego mkubwa ni namba. Matibabu ya H. pylori huwa ni dawa ya kupunguza asidi, mfano omeprazoli, pamoja na antibiotiki mbili au zaidi, mara nyingi kwa siku 14. Mtu wa masoko akisikia hivyo, mkono wake unakimbilia "Pona vidonda vya tumbo kwa siku 14". Lakini siku 14 ni muda wa kumeza dawa. Kama bakteria ameisha, hilo linajulikana kwa kipimo cha pumzi au cha choo kinachofanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki, na dawa ya asidi ikiwa imesimamishwa wiki mbili kabla. Wapo ambao baada ya matibabu bakteria bado yupo, kwa sababu amekuwa sugu kwa mojawapo ya dawa au kwa sababu vidonge viliachwa siku ya tano, kichefuchefu kilipozidi. Na anayeendelea kumeza diklofenaki kila mgongo unapouma anaweza kupata kidonda kingine hata bila bakteria. Masharti yote haya hayaingii kwenye kichwa cha herufi sitini. Basi namba nayo isiingie. Ibaki ndani ya makala, karibu na maelezo yake.

Baada ya hapo kuandika kunakuwa kwepesi. Hivi ndivyo ningeiweka makala hiyo:

```html
<title>Vidonda vya tumbo: dalili, vipimo na matibabu</title>
<meta name="description" content="Vidonda vingi vya tumbo hutokana na bakteria H. pylori au dawa za maumivu, na vinatibika. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, wahi hospitali.">
```

Maelezo hayo yana herufi kama 150. Google haina kikomo rasmi, ila kwenye simu huweza kukata mapema, ndiyo maana sentensi ya kwanza imejitosheleza. Ya pili ni ya hatari, nayo inastahili nafasi hiyo kuliko jina la kliniki au namba ya simu. Atakayesoma maelezo tu na asifungue makala, angalau ameondoka na kitu kinachoweza kumwahisha. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, na kina mama wajawazito wanalijua hilo. Ufafanuzi huo uwemo ndani ya makala ili wasihangaike bure.

Kabla ya kuchapisha, amua pia anwani ya ukurasa, maana kichwa kinabadilishwa kwa dakika moja ilhali anwani iliyokwisha sambazwa haibadiliki bila usumbufu. `/vidonda-vya-tumbo` inatosha. Ile orodha ya `keywords` iache. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga matokeo, na mara nyingi ndimo "tiba ya uhakika" hujificha, ambamo daktari haangalii. Picha ya `og:image`, ile inayoonekana kiungo kinaposambazwa, nayo ni maneno kama maneno mengine: ikiwa na mtu ameshika tumbo upande mmoja na anacheka upande wa pili, imeahidi kupona hata kama hukuandika herufi moja.

Tarehe na mpitiaji vinahitaji uaminifu wa aina yake. Kwenye data ya schema.org, yaani maelezo ya ukurasa yanayosomwa na mitambo ya utafutaji, kuna mahali pa kutaja siku makala ilipopitiwa kitabibu na aliyeipitia:

```json
"@type": "MedicalWebPage",
"inLanguage": "sw",
"dateModified": "2025-06-18",
"lastReviewed": "2025-03-04"
```

Hizo tarehe ni za mfano, lakini tofauti yake ni ya makusudi. Ukirekebisha koma mwezi Juni, `dateModified` inasogea na `lastReviewed` inabaki Machi, kwa sababu hakuna aliyeisoma upya kitabibu. Kwenye `reviewedBy` wekeni jina la mtu aliyekubali kuwekwa na cheo chake halisi. Tabibu aandikwe tabibu, asipandishwe kuwa daktari bingwa kwa ajili ya Google.

Kuna jambo moja ambalo wengi huligundua wakiwa wameshachelewa. Google halazimiki kutumia maelezo uliyoandika. Huweza kuchukua sentensi yoyote ya ukurasa inayofanana na alichotafuta mtu. Makala nyingi za afya zina sehemu ya kukanusha uvumi, yenye vichwa vidogo kama "Juisi ya kabichi inaponya vidonda", kisha aya ya kupinga. Mtu akitafuta kabichi na vidonda, anaweza kuletewa kile kichwa kidogo peke yake, chini ya jina la kliniki yenu. Pitia makala nzima ukitafuta sentensi za namna hiyo na uzigeuze zikanushe zenyewe: "Juisi ya kabichi haijathibitika kutibu vidonda." Pale ambapo maneno ya uvumi lazima yabaki yalivyo, yazungushie `data-nosnippet`, inayoiambia Google isiyaonyeshe kwenye matokeo:

```html
<span data-nosnippet>Kabichi inaponya vidonda</span>
```

Mwisho, jitumie kiungo kwenye WhatsApp kabla hakijasambazwa, ukiangalia kwa simu ya kawaida na si kompyuta ya ofisini. Ukikuta kichwa cha zamani, huenda ni nakala iliyohifadhiwa; ongeza `?v=2` mwishoni mwa kiungo ujaribu tena. Kisha mpe mhudumu wa mapokezi asome mistari ile miwili bila makala, umuulize mgonjwa akija nayo mkononi atakuwa anatarajia nini. Akijibu kwamba atatarajia kupewa dawa bila kupimwa, rudi kwenye maelezo na uliingize neno "vipimo" kabla ya "vinatibika".