Somo: Kitunguu cha kwenye mchuzi kinavyomaliza damu ya mbwa na paka

Wakuu, mbwa wengi hapa Mwanza, kuanzia Kirumba mpaka Buhongwa, wanakula kilichobaki kwenye sufuria: ugali wa jana na mchuzi wa sato au sangara. Ugali hauna neno. Samaki naye hana neno ukishatoa miiba. Shida iko kwenye mchuzi, maana mchuzi wetu hauanzi bila kitunguu. Chokoleti nitaigusa kwenye maswali. Si kila nyumba ina chokoleti, lakini kitunguu kipo kila jiko.

Kitunguu kina kemikali za jamii ya salfa. Mbwa au paka akikila, kemikali hizo zinaingia kwenye damu na kuharibu himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya chembe nyekundu. Himoglobini iliyoharibika inajikusanya kuwa vinundu kwenye ukuta wa chembe, chembe inadhoofika, kisha inapasuka au bandama inaiondoa. Mnyama anaishiwa damu bila kidonda chochote. Paka ndiye anayeumia haraka zaidi, kwa kuwa himoglobini yake ina sehemu za kushambuliwa mara mbili ya zile za mbwa. Kupika hakusaidii. Kitunguu kibichi, cha kukaanga, cha unga, hata majani yake, vyote ni vilevile. Kitunguu saumu ni kikali zaidi kwa uzito uleule.

Kwa mbwa, hatari inaanzia kwenye gramu 15 hivi za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa paka ni gramu 5 tu kwa kilo. Tuseme umepika sufuria ya mchuzi kwa vitunguu vinne vya wastani, jumla gramu 400, na robo ya mchuzi ikabaki. Humo mna gramu 100 za kitunguu, hata kama huvioni kwa sababu vimeyeyuka. Mbwa wa kilo 8 mpaka wake ni gramu 120, kwa hiyo usiku huo anaweza asionyeshe chochote. Lakini kesho umempa tena, na keshokutwa tena, na damu aliyopoteza haijarudi. Hapo ndipo anapoanguka. Paka wa kilo 3 kwenye sufuria hiyohiyo anahitaji gramu 15, sawa na kijiko cha mezani kimoja na nusu cha kitunguu kilichokatwakatwa.

Hatua ya 1: Tenga chakula chake kabla ya kukaanga. Kichwa na mapande ya samaki chemsha kwa maji matupu, toa miiba yote, changanya na ugali. Dagaa waloweke kwanza, mchanga ubaki chini, ndipo uwachemshe. Kuokota vitunguu kutoka kwenye mchuzi uliokwisha iva ni kujidanganya, maana kemikali ziko kwenye supu yenyewe. Viungo vya paketi vya kuongeza ladha navyo mara nyingi vina unga wa kitunguu, soma karatasi yake.

Hatua ya 2: Akishakula kitunguu, pima uzito wake na andika saa. Panda kwenye mzani umembeba, halafu panda peke yako, toa. Kadiria kitunguu kilichoingia. Mpigie daktari wa mifugo. Kama humjui yeyote, afisa mifugo wa kata atakuelekeza. Ndani ya saa moja au mbili daktari anaweza kumtapisha kwa dawa. Wewe usimtapishe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi nayo inaua. Mafuta ya kula nayo acha, yakipita njia ya hewa yanaingia mapafuni.

Hatua ya 3: Angalia fizi kila siku, kwa wiki nzima. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya kwanza anaweza kutapika au kuharisha kidogo, kisha akaonekana mzima, mkasahau. Dalili za damu huja baada ya siku kadhaa, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 5. Inua mdomo wa juu: fizi zinatakiwa ziwe za pinki. Zikiwa nyeupe au zimeingia umanjano, hali ni mbaya. Kama mbwa wako ana fizi nyeusi za asili, vuta kope ya chini uangalie ndani. Dalili nyingine ni kuhema haraka akiwa amelala, kulegea, na mkojo wa rangi ya chai ya rangi.

Hatua ya 4: Mtajie daktari kitunguu hata asipouliza. Fizi nyeupe na mkojo mwekundu ndizo dalili za ugonjwa wa kupe unaokula damu, na huku kwetu kupe wamejaa. Daktari atauwaza huo kwanza, na ana haki. Ugonjwa wa kupe kwa kawaida huja na homa kali, lakini jibu la uhakika linatoka kwenye tone la damu chini ya darubini: vijidudu vya kupe vinaonekana ndani ya chembe, na vile vinundu vya kitunguu navyo vinaonekana. Sumu ya kitunguu haina dawa ya kuizima. Mnyama anaongezewa maji, na hali ikizidi anaongezewa damu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Nyegezi: Dokta, mzee wangu anampa mbwa kitunguu saumu kila wiki kwa ajili ya minyoo na kupe. Mbwa yuko vizuri tu.

Jibu: Shikamoo yake mzee, lakini mwambie aache. Kipimo anachotumia hakitegemeki kuua minyoo, na damu inaweza kupungua polepole bila nyinyi kuona. Dawa ya minyoo ya mbwa ipo kwenye maduka ya mifugo, inatolewa kwa uzito.

Kijana wa Igoma: Mkuu, mbwa wa kilo 6 kala chokoleti ya maziwa ya gramu 100 ya mdogo wangu. Nusu saa imepita, anarukaruka tu.

Jibu: Mpeleke sasa hivi. Chokoleti ina theobromini, na mwili wa mbwa unaiondoa taratibu sana: baada ya saa 17 hivi bado nusu imo mwilini. Chokoleti ya maziwa ina kama miligramu 2 kwa gramu, kwa hiyo kaingiza 200, gawa kwa 6 unapata 33 kwa kilo. Kutapika na mahangaiko huanza kwenye 20, moyo unaanza kuvurugika kwenye 40. Uko katikati. Ingekuwa unga wa kakao, kijiko kimoja tu cha mezani kingemfikisha kwenye ile 20.

Mwanachama wa Ilemela: Paka wangu alilamba mchuzi juzi, leo amelala tu. Nimponde robo ya paracetamol?

Jibu: Hapana kabisa, ndugu yangu! Paracetamol inaharibu himoglobini ya paka kama kitunguu, na kwa kasi zaidi. Kidonge kimoja kinatosha kumuua. Mwangalie fizi na mkojo, kisha mbebe leo kwa daktari. Usimkimbize wala kumbana sana, damu ikiwa pungufu hata purukushani ya kumkamata inaweza kumfanya aishiwe hewa. Mwingize kwenye boksi lenye matundu ukiwa umetulia.

Kijana wa Igoma: Na mkaa wa jikoni kunyonya sumu?

Jibu: Ule wa hospitali umeandaliwa kwa kazi hiyo, wa jikoni haunyonyi vya kutosha. Bado hujaondoka nyumbani?