Nambari za kadi zenye tarakimu 16 zisigeuke 4.24242E+15: jinsi ya kuzifungua kwenye Excel

Ukifanya kazi ya hesabu Nairobi, bila shaka umewahi kupakua orodha ya malipo ya M-Pesa ukakuta simu za wateja zimeandikwa 2.547E+11. Dawa yake kila karani anaijua: unachagua safu nzima, unaweka Number, unaondoa desimali, na simu inarudi kama ilivyokuwa. Hakuna kilichopotea, kwa sababu simu yenye 254 mbele ina tarakimu 12 tu.

Mazoea hayo ndiyo yanayowaponza watu wanapofika kwenye kadi. Wanaiona ile E, wanatumia dawa ileile, tarakimu 16 zinajitokeza, na wanaendelea na kazi. Kumbe tarakimu ya mwisho imeshageuzwa sifuri. Excel hutunza tarakimu 15 za mwanzo za nambari yoyote, na inayozidi hapo huandikwa 0. Hilo hutokea faili inapofunguliwa, kabla hujagusa chochote, kwa hiyo kubadilisha muundo wa seli baadaye hakurudishi kitu. Kazi yote iko kwenye namna ya kuingiza faili.

Tuchukue mfano wa sacco inayopokea faili ya CSV yenye kadi za wanachama na akaunti zao. Nambari hizi mbili za kadi ni za majaribio, zinazotumiwa na wanaotengeneza mifumo ya malipo, na akaunti nimezibuni:

```
mwanachama,kadi,akaunti,kiasi
M001,4242424242424242,0100000000001,1500
M002,5555555555554444,0100000000002,2300
```

Kwanza, tazama madhara yenyewe

Tengeneza faili hiyo kwa Notepad, ihifadhi kama `kadi.csv`, kisha ibofye mara mbili. Panua kidogo safu ya kadi, na kadi ya M001 itaonekana 4.24242E+15. Bofya seli hiyo na uangalie mwambaa wa fomula ulio juu: utasoma 4242424242424240. Ile 2 ya mwisho haipo. Ya M002 itasoma 5555555555554440. Kwenye akaunti, sifuri ya mbele imeondoka, kwa kuwa Excel imeichukulia akaunti kuwa kiasi cha kuhesabiwa.

Hadi hapa hasara ni tarakimu moja kwa kila kadi. Sasa bonyeza Save na ukubali ibaki CSV. Excel huandika kwenye CSV kile kinachoonekana kwenye seli, yaani maandishi 4.24242E+15 yenyewe. Ukiifungua tena, kadi inakuwa 4242420000000000. Tarakimu sita za mwanzo zimebaki na kumi zimepotea. Na kwa kuwa tarakimu za mwanzo za kadi humtambulisha aliyeitoa, kadi zote za sacco moja mara nyingi zinaanza sawasawa. Orodha nzima ya wanachama inaweza kugeuka nambari moja iliyorudiwa kila mstari.

Ndiyo maana sharti langu la kwanza ni hili: faili ya awali iliyotoka kwenye mfumo haibofywi mara mbili. Iweke kwenye folda yake, fanya kazi kwenye nakala.

Hatua ya 1: ingiza faili kupitia Data

Fungua Excel ikiwa tupu. Nenda Data, kisha From Text/CSV, uchague faili yako. Dirisha la kuonjesha litatokea likiwa na mistari ya mwanzo. Usibonyeze Load. Bonyeza Transform Data.

Hatua ya 2: geuza safu ziwe maandishi

Kwenye dirisha linalofunguka, kila kichwa cha safu kina alama ndogo kushoto. Safu ya `kadi` itakuwa na 123, maana yake imekisiwa kuwa nambari. Bofya alama hiyo, chagua Text.

Utaulizwa kama unataka Replace current au Add new step. Chagua Replace current. Jibu hili lina uzito, hasa kwa akaunti. Ukichagua Add new step, programu kwanza inaigeuza akaunti kuwa nambari, sifuri ya mbele inadondoka, ndipo inaifanya maandishi. Unapata maandishi ya kitu kilichokwisha kuharibika. Replace current inafuta ule ugeuzaji wa kwanza, na safu inasomwa moja kwa moja kama ilivyo ndani ya faili.

Fanya vivyo hivyo kwa `akaunti`. Safu ya `kiasi` iache iwe nambari, maana hiyo utaijumlisha. Kipimo changu ni rahisi: safu ambayo hutawahi kuijumlisha wala kuizidisha, ifanye maandishi.

Wengine hushauri uchague Do not detect data types katika dirisha la kuonjesha ili yote yaje kama maandishi. Inafaa, ila ina mtego. Vichwa vya safu mara nyingi huja kama mstari wa kwanza wa data, nawe utabonyeza Use First Row as Headers kuvirekebisha. Kitendo hicho kwa kawaida huongeza chenyewe hatua iitwayo Changed Type katika orodha ya Applied Steps upande wa kulia, na kadi zinarudi kuwa nambari bila wewe kuambiwa. Ukiiona hatua hiyo, ifute kwa alama ya X iliyo kando yake.

Hatua ya 3: pakia na uhakikishe

Bonyeza Close & Load. Kadi zitaegemea kushoto mwa seli, jinsi maandishi yanavyokaa. Usitosheke na macho. Ikiwa kadi ziko safu ya B, andika kwenye safu tupu:

```
=AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=16)
```

Ishushe hadi mwisho wa orodha. Kila mstari unapaswa kusema TRUE. Palipo na FALSE, ama kadi imeingia kama nambari, ama ina nafasi tupu iliyojificha, ama haijatimia tarakimu 16. Kisha linganisha mistari michache na faili ya awali iliyofunguliwa kwa Notepad, ukiangalia tarakimu ya mwisho. Ukikuta kadi zote zinaishia 0, rudi hatua ya 2.

Huenda seli zikatokeza pembe ndogo ya kijani yenye onyo kwamba nambari imehifadhiwa kama maandishi. Onyo hilo litakupendekezea Convert to Number. Usikubali. Bofyo moja hapo linafuta tarakimu ya mwisho ya safu nzima. Chagua Ignore Error.

Kutafuta kadi zilizojirudia

Hapa hata walio makini huteleza. Umeshafanya kadi kuwa maandishi, kila kitu kiko sawa, kisha unatumia COUNTIF kutafuta zilizojirudia. COUNTIF ikikuta maandishi yanayofanana na nambari, huyachukua kama nambari wakati wa kulinganisha, na ule mpaka wa tarakimu 15 unarudi. Kadi mbili zinazotofautiana tarakimu ya mwisho pekee zitahesabiwa kuwa moja. Tumia hii badala yake, ukibadilisha 500 iwe mstari wako wa mwisho:

```
=SUMPRODUCT(--(B$2:B$500=B2))
```

Alama ya `=` ndani ya fomula hii hulinganisha maandishi kama maandishi. Jibu likizidi 1, kadi hiyo imejirudia kweli.

Je, faili iliyokwisha kuharibika inaokoleka?

Jibu la kwanza ni kuomba faili upya kutoka kwenye mfumo. Lakini kwa kadi za tarakimu 16 za kawaida ipo njia, mradi mwambaa wa fomula bado unaonyesha tarakimu 15 kamili kabla ya ile sifuri. Tarakimu ya mwisho ya kadi hukokotolewa kutoka zile 15 kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM aliyepewa hataza yake mwaka 1960.

Chukua 424242424242424. Zidisha kwa mbili tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hadi ya 15. Zote nane ni 4, kila moja inakuwa 8, jumla 64. Kama zao lolote lingefika 10 au zaidi, ungetoa 9. Zilizobaki ni 2 mara saba, yaani 14. Ukijumlisha unapata 78. Ongeza hadi kumi inayofuata, 80: imepungua 2. Tarakimu iliyopotea ni 2.

Njia hii inafaa kuhakiki kadi chache huku ukiwa na kitu kingine cha kulinganisha nacho. Kadi uliyoikokotoa hivi itapita kipimo cha Luhn daima, hata kama moja kati ya zile 15 ilikosewa tangu mwanzo. Kwa akaunti za benki usiitumie, kila benki ina utaratibu wake. Na kama faili iliwahi kuhifadhiwa kama CSV ikiwa na E+15, hakuna cha kukokotoa.

Kuhifadhi na kutuma

Hifadhi kama .xlsx, humo maandishi hubaki maandishi. Mfumo unaopokea ukidai CSV, tumia Save As kutoka kwenye hiyo .xlsx, na safu ya maandishi itaandikwa na tarakimu zake zote. Kagua CSV hiyo kwa Notepad. Ukiikagua kwa kuibofya mara mbili na kuihifadhi, umerudi ulikotoka. Kuzungushia kadi alama za nukuu ndani ya CSV hakusaidii, Excel huzipuuza.

Na kabla ya kutuma, jiulize kama anayepokea anahitaji kadi nzima. Kwa kazi nyingi za ulinganishaji, tarakimu nne za mwisho na nambari ya mwanachama zinatosha. Kadi ya mtu ni data yake binafsi, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sipendi kuona kadi nzima kwenye viambatisho vya barua pepe.

Wenye Microsoft 365 wana njia ya ziada: File, Options, Data, kisha sehemu ya Automatic Data Conversion. Ondoa tiki kwenye chaguo la kutunza tarakimu 15 za mwanzo za nambari ndefu, na kwenye lile la kuondoa sifuri za mbele. Toka hapo, hata CSV iliyobofywa mara mbili huleta nambari hizo kama maandishi. Mpangilio huo hausafiri na faili, hivyo mwenzako wa dawati la pili ataiharibu ileile iliyokuwa salama kwako. Mpelekee .xlsx.