Lenzi za usiku za kunyoosha konea: uangalifu wote uweke asubuhi

Lenzi hizi ni ngumu, hupitisha oksijeni, na huvaliwa wakati wa kulala tu. Upande wake wa ndani ni bapa kuliko konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa hiyo machozi yaliyobanwa chini yake husukuma tabaka la juu la konea likawa jembamba katikati na nene kidogo pembeni. Asubuhi unazivua na unaona mbali bila miwani. Ukiacha kuzivaa, konea hurudia umbo lake.

Kwanza, pima kama zinakufaa. Humfaa asiyeona mbali kwa kiasi, na diopta 6, kwa kipimo cha nguvu ya miwani, ndio mpaka wa kawaida. Mwenye macho makavu sana au uvimbe wa kope usiotulia, nakataa kumpa. Mtoto asiye na mtu mzima wa kumsimamia kila siku, nakataa pia, hata mzazi akinisihi.

Usiku, nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabisa. Jaza lenzi matone yasiyo na kihifadhi, inamisha uso, kisha ivae. Ukiona kiputo cha hewa katikati, ivue urudie.

Asubuhi usiivute mara tu unapoamka, kwani mara nyingi huwa imeganda. Tia matone, subiri dakika tano, pepesa hadi uione ikitembea. Ikikaa palepale, bonyeza taratibu ukingo wa kope ya chini karibu na lenzi ili machozi yapenye. Kifaa cha mpira cha kunyonyea ni cha lenzi inayotembea tu. Ukikitumia kwa iliyoganda, utachubua konea, na mchubuko ndio mlango wa bakteria.

Kisha sugua lenzi kwa dawa yake na uisuuze kwa maji ya chumvi safi ya dawa. Maji ya bomba yasiguse lenzi wala kikasha, hata yakiwa ya kunywa, kwa sababu huweza kubeba amiba wanaokula konea na ambao tiba yao huchukua miezi.

Nilimhudumia msichana wa miaka 11, diopta 3. Baada ya wiki moja alikuwa anaona vizuri. Mwezi wa tano wa kuzivaa akaja na jicho jekundu, linalouma na kuogopa mwanga, na kwenye konea palikuwa na doa jeupe. Lenzi alikuwa akiisafisha vizuri. Kikasha ndicho alichokisuuza bombani kila asubuhi na kukifunga kikiwa kibichi. Maabara ilikuta bakteria aina ya sudomonasi ndani yake. Alitiwa matone ya antibiotiki kila saa, usiku na mchana, na akapona, ila kovu dogo limebaki pembeni mwa konea.

Sudomonasi anaweza kutoboa konea ndani ya siku mbili. Kwa hiyo ukiona wekundu wenye maumivu, ukungu usioisha au doa, vua lenzi, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na uchukue lenzi pamoja na kikasha chake bila kukiosha.