Kabla ya kuchora ramani ya dhana: sura ya pepo za msimu

Kaskazi na kusi kila kijana wa skuli Pemba anazijua kabla hajafungua kitabu cha Jiografia. Hapo ndipo ramani yake ya dhana inapoharibika: anajaza majina kwenye visanduku, anaviunganisha kwa mistari, na mistari inabaki mitupu.

Isome sura yote kwanza, kisha andika juu ya karatasi swali ambalo ramani italijibu. "Pepo za msimu" ni mada tu. "Kwa nini upepo wa Zanzibar hugeuka kati ya kaskazi na kusi?" ni swali, nalo litakuonesha istilahi ipi iingie. Majahazi ya biashara hata yakiwa na ukurasa mzima, yaache.

Istilahi 10 hadi 15 zinatosha. Ziandike kwenye vipande vya karatasi vinavyohamishika, neno moja au mawili kila kimoja: nchi kavu, bahari, joto la jua, mgandamizo mkubwa, mgandamizo mdogo, kaskazi, kusi, masika. Usigundishe chochote bado.

Sasa chukua vipande viwili viwili na utafute maneno ya kuviunganisha. Kisanduku, maneno ya mstari na kisanduku cha pili visomeke kwa pamoja kama sentensi ya kweli, kwa kufuata mshale. "Nchi kavu – hupata joto haraka kuliko – bahari" imesimama. "Kaskazi – huvuma kutokea – mgandamizo mkubwa wa Asia" nayo imesimama, maana mwezi wa Januari bara la Asia lina baridi na hewa yake ni nzito. Kwa kusi, mgandamizo mkubwa uko kusini mwa Bahari ya Hindi, na mdogo uko upande wa Asia iliyokwisha kupata joto. Geuza mshale mmoja tu na upepo utavuma kinyume.

Jihadhari sana na "inahusiana na". Maneno hayo yanafaa kwenye mstari wowote, kwa hiyo hayaelezi kitu. Ukijikuta unayaandika, rudi kwenye aya ukatafute kitenzi: husababisha, hutokea wakati wa, hudhoofisha, ni aina ya.

"Huleta" nacho kina mtego. Wengi huandika "kaskazi – huleta – masika" kwa kuwa mvua hufuata baada yake. Lakini masika, Machi hadi Mei, huja pepo zinapobadilishana, ukanda wa makutano ya pepo unapopita juu yetu kuelekea kaskazini. Basi hapo unahitajika kipande kipya, "makutano ya pepo", na mstari usomeke "yakipita juu ya Zanzibar huleta". Acha nafasi katikati ya karatasi, kwani mistari ya kukatiza kama huu hugunduliwa mwishoni, vipande vingine vikishakaa mahali pake.